Wasifu wa 2014 uliokwama kwenye Flash: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Mhusika wa kisa hiki alianza mwaka 2006 kutengeneza masomo ya kompyuta kwa Flash, teknolojia ya Adobe ya kuweka katuni na mazoezi ndani ya kurasa za wavuti: masomo yenye katuni, sauti na mazoezi ambayo mwanafunzi huburuta jibu na kulidondosha mahali pake. Mwaka 2018 aliiacha kazi hiyo akahamia kwenye ukaguzi wa ufikivu. Mkaguzi wa ufikivu hupima kama somo au tovuti inatumika na mtu asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kushika kipanya, kisha huandika ripoti ya kasoro na namna ya kuzirekebisha. Majina, mahali na wateja vimeondolewa, na maneno ya wasifu yamebadilishwa kidogo ili asitambulike. Mpangilio wa mambo na sababu za kila uamuzi vimeachwa vilivyo.

Wasifu wake mfupi ulikuwa umeandikwa mwaka 2014 kwa ajili ya mkutano mmoja. Baada ya hapo kila aliyemwomba "maneno machache kukuhusu" alitumiwa faili lile lile. Kufikia 2024 maneno hayo yalikuwa kwenye tovuti yake, kwenye LinkedIn, chini ya makala zake za zamani na ndani ya kiolezo cha maombi ya zabuni.

Dalili zilikuwa mbili. Ya kwanza, ujumbe mwingi aliopokea ulitoka kwa watu wenye masomo ya Flash yaliyokufa, wakitaka ayafufue. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mteja mmoja alielekezwa kwake na mtu anayemfahamu vizuri, akafungua ukurasa wake, kisha akamrudia yule aliyemwelekeza na kumuuliza kama hakukosea jina. Alitafuta mkaguzi, akakuta mchora katuni.

Wasifu wenyewe

Haya ndiyo yaliyokuwa yameandikwa:

> Ni msanifu wa Flash mwenye uzoefu wa miaka 8 wa kutengeneza masomo yenye katuni na mazoezi ya kubofya. Ni mahiri katika ActionScript 3, Dreamweaver, Fireworks na Photoshop CS6. Kwa sasa anasomea shahada ya uzamili. Anapenda teknolojia mpya na siku zote hutazama mbele. Kazi zake zinapatikana kwenye tovuti yake.

Kabla ya kuandika neno jipya, kila sentensi iliwekwa alama moja kati ya tatu: bado ni kweli, ilikuwa kweli, au haisemi kitu. Zoezi hili huchukua dakika chache, lakini huzuia kosa la kawaida la kukimbilia kubadilisha majina ya programu huku mifupa ya wasifu ikibaki ile ile.

"Msanifu wa Flash" ilikuwa kweli. Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba Flash Player ingefikia mwisho, ikaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kuzuia maudhui ya Flash yasifunguke. Kwa msomaji wa leo, mtu anayejitambulisha kwa Flash kwa wakati uliopo ama ameacha kazi ama amesahau ukurasa wake.

"Miaka 8" ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa, ikaanza kupotoka mwaka uliofuata. Hesabu ya miaka bila mwaka wa kuanzia haina njia ya kujisahihisha. "Kwa sasa anasomea" ina ugonjwa huo huo, na hapa ilidhuru zaidi, maana shahada hiyo ilikuwa imekamilika zamani na msomaji aliendelea kumwona kama mwanafunzi.

Orodha ya programu ndiyo iliyosaliti tarehe. Photoshop CS6 ilitoka 2012, kwa hiyo herufi tatu tu zinatosha kumwambia mjuzi kwamba sentensi ni ya miaka ile. Fireworks ni mfano mbaya zaidi: Adobe ilitangaza Mei 2013 kwamba haitatoa toleo jingine, maana yake programu hiyo ilikuwa imeshakatwa mizizi hata siku wasifu ulipoandikwa. Watu huorodhesha programu walizozizoea, si walizonazo mkononi wiki hii. Dreamweaver bado ilikuwa ikiuzwa, lakini mhusika alikuwa hajaifungua kwa miaka. Kuwa hai kwa programu hakutoshi kuipa nafasi kwenye wasifu wa mtu asiyeitumia.

"Anapenda teknolojia mpya na siku zote hutazama mbele" haikusema kitu tangu mwanzo, na ikikaa jirani na Fireworks inageuka kichekesho. Sentensi ya mwisho ilikuwa na tatizo la kiufundi: kiungo kilipeleka kwenye ukurasa wa kazi zilizohifadhiwa kama faili za `.swf`, ambazo vivinjari vya leo havizifungui. Mgeni aliona kisanduku kitupu. Wasifu unaoelekeza kwenye ushahidi ambao haufunguki ni afadhali usielekeze popote.

Rasimu ya kwanza: kubadilisha majina ya programu

Jaribio la kwanza lilifuata njia ambayo wengi huanza nayo. Flash ikawa HTML5, Fireworks ikawa Figma, miaka 8 ikawa 18, na mwanzo ukasomeka hivi: "Ni mtaalamu wa ufikivu mwenye uzoefu wa miaka 18."

Rasimu hii ilipewa watu watatu wasiomfahamu mhusika, kila mmoja peke yake, wakaulizwa swali moja: ungempigia simu mtu huyu akufanyie nini? Wawili walisema kutengeneza tovuti. Wa tatu alisema kubuni kurasa, kwa sababu ya Figma. Neno ufikivu halikugusa mtu, kwa kuwa sentensi zote zilizolifuata zilizungumzia vifaa vya kutengenezea. Msomaji huchukua taaluma kutoka kwenye vitendo na vifaa, na cheo kilichotangulia hupita bila kushika.

Kulikuwa pia na tatizo la ukweli. Miaka 18 ni jumla ya kazi zote, lakini sentensi iliibandika kwenye ufikivu, ambao wakati huo ulikuwa na miaka 6. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Jumla huteleza yenyewe kwenda kwa taaluma mpya pale namba inapoachwa ilipo na neno lililo mbele yake likabadilishwa. Mtu anayefungua orodha ya kazi zake kwenye LinkedIn hugundua tofauti hiyo kwa dakika moja. Uamuzi ukawa kuacha kuhesabu miaka na kutaja mwaka: "tangu 2018". Mwaka hauzeeki, na msomaji hujifanyia hesabu.

Rasimu ya pili: kufuta yote ya zamani

Rasimu iliyofuata ilikwenda upande wa pili. Flash iliondolewa kabisa, na wasifu ukaanza na kuishia kwenye ukaguzi. Ulikuwa safi, mfupi, na ungeweza kuwa wa mkaguzi yeyote yule.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba taaluma ya zamani ilikuwa na kazi bado, ila si ile iliyokuwa ikifanya. Masomo ya Flash yalijulikana sana kwa kuwatesa watumiaji wa kibodi na wa visoma skrini, yaani programu zinazomsomea kwa sauti mtu asiyeona. Mtu angeingia ndani ya somo kwa kitufe cha Tab na asiweze kutoka, kwa sababu Flash ilishika kibodi bila kukirudisha kwa kivinjari. Mtengenezaji akiweka `wmode`, mpangilio unaoamua Flash ichorwe vipi ndani ya ukurasa, kuwa `transparent` au `opaque` ili menyu ya ukurasa ipite juu ya katuni, kisoma skrini kilikuwa hakioni tena kilichomo. Mhusika alitengeneza masomo ya namna hiyo kwa miaka 12, kutoka 2006 hadi 2018. Anajua kasoro hizo huzaliwa wapi, anajua mtengenezaji alikuwa anawaza nini alipoziweka, na ndiyo sababu mafunzo yake kwa watengenezaji hupokelewa vizuri. Kuifuta Flash kulifuta kitu pekee kinachomtofautisha na wakaguzi wengine.

Zoezi la kuburuta na kudondosha lilikuwa daraja zuri kuliko yote. Lilikuwa ndilo pambo la masomo yake ya zamani, na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, katika toleo lake la 2.2 la Oktoba 2023 una kigezo chake mahsusi, 2.5.7, kinachotaka kitendo cha kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ni kwa lazima, kiwe pia na njia ya kukitimiza bila kuburuta, kwa mfano kubofya jibu kisha kubofya mahali pake. Mtu aliyewahi kuyatengeneza mazoezi hayo kwa mamia anaweza kukaa na timu na kuonyesha njia hiyo mbadala iwekwe wapi.

Rasimu ya tatu, iliyotumika

> Hukagua masomo ya mtandaoni ili yatumike na watu wasioona, wasiosikia na wasioweza kushika kipanya, kisha huwafundisha watengenezaji kurekebisha kasoro zilizoonekana. Hupima kwa kibodi pekee na kwa visoma skrini NVDA na VoiceOver, akifuata vigezo vya WCAG. Yuko kwenye kazi hii tangu 2018. Kabla ya hapo alitengeneza masomo ya Flash kwa miaka 12, na huko ndiko alikojifunza jinsi zoezi la kuburuta na kudondosha linavyoweza kumfungia nje mtumiaji wa kibodi.

Mambo matatu hapa yalijadiliwa kwa kirefu.

Wasifu unaanza na kitendo, "hukagua", badala ya cheo. Vyeo vya fani hii bado havijatulia, na mteja asiyejua neno ufikivu anaelewa mara moja maana ya somo kutumika na mtu asiyeona. Neno lenyewe liliwekwa kwenye kichwa cha ukurasa, ambako wanaolijua hulitafuta.

Programu zilizotajwa ni mbili tu, na kila moja imeambatana na kazi yake. Kigezo kilichotumika kuzichuja kilikuwa rahisi: programu inabaki ikiwa mhusika aliitumia kwenye kazi mwezi huo, na ikiwa kuiondoa kungeacha pengo katika maelezo ya kazi inavyofanyika. NVDA na VoiceOver zilipita. Programu ya kuandikia ripoti haikupita, ingawa ndiyo anayoshinda nayo siku nzima.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya namba ya toleo. Kuandika "WCAG 2.2 kiwango cha AA" kungeonyesha umakini, na wanaotangaza zabuni huidai. Lakini ni kosa lile lile la CS6 likirudi kwa mlango wa nyuma: toleo la 2.0 ni la 2008, la 2.1 ni la 2018, na litakalofuata 2.2 lingeufanya wasifu uonekane umelala. Namba ilipelekwa kwenye kiolezo cha zabuni, ambacho lazima kisomwe upya kila kinapotumika, na wasifu ukabaki na jina tu.

Watu watatu wengine walipewa rasimu hii na swali lile lile. Wote walitaja kupima au kukagua. Mmoja aliongeza "na kufundisha", jambo lililothibitisha kwamba nusu ya pili ya sentensi ya kwanza inasikika.

Toleo fupi liliandikwa upya, halikukatwa kutoka kwenye refu. Bio ya GitHub na ya X zina kikomo cha alama 160, na kukata wasifu mrefu hadi hapo huacha sentensi isiyo na mkia. Toleo hili lina alama 130 pamoja na nafasi:

```
Nakagua ufikivu wa masomo ya mtandaoni kwa kibodi na visoma-skrini. Nafundisha watengenezaji kurekebisha. Zamani: masomo ya Flash.
```

Nafsi imebadilika kuwa "na-" kwa makusudi. Kwenye ukurasa wa mtu mwenyewe, kujitaja kana kwamba ni mwingine kunasikika vibaya. Nafsi ya tatu inafaa pale mtu mwingine atakapousoma au kuuchapisha, kama kwenye ratiba ya mkutano.

Nakala zilizotawanyika

Kuandika kulichukua muda mdogo kuliko kuzifuatilia nakala. Njia iliyotumika ni kuchukua maneno ya wasifu wa zamani ambayo hakuna mtu mwingine angeyaandika kwa mpangilio ule, kuyatafuta yakiwa ndani ya alama za nukuu, na kuiondoa tovuti yake kwenye majibu:

```
"masomo yenye katuni na mazoezi ya kubofya" -site:example.com
```

Zilizopatikana hazikutendewa sawa. Kurasa anazozimiliki zilibadilishwa siku hiyo hiyo. Kwenye tovuti aliyokuwa akiandikia makala, wasifu huvutwa kutoka kwenye sehemu ya `Biographical Info` ya akaunti yake ya WordPress, kwa hiyo badiliko moja lilienea chini ya makala zote, zikiwemo za 2013 zinazofundisha ActionScript. Ilionekana ni sawa: msomaji wa makala ya zamani anataka kujua mwandishi yuko wapi leo, na tarehe ya makala inajieleza.

Kurasa za mikutano ya zamani ziliachwa. Wasifu uliochapishwa kwenye ratiba ya 2014 ni kumbukumbu ya alivyokuwa mzungumzaji siku ile, na kuwaomba waandaaji waubadilishe ni kuwataka waandike upya yaliyopita.

Sehemu iliyosahaulika ilijitokeza baada ya siku chache. Mtu alipotuma kiungo cha ukurasa mpya kwenye kikundi cha gumzo, kadi ndogo iliyotokea chini yake bado ilisema "msanifu wa Flash". Maneno ya kadi hayatoki kwenye aya inayoonekana, yanatoka kwenye mistari hii miwili iliyo kichwani mwa ukurasa:

```html
<meta name="description" content="...">
<meta property="og:description" content="...">
```

Yalirekebishwa, na kadi ikabaki ya zamani bado, kwa kuwa majukwaa hutunza nakala ya kadi kwa muda. Kwa LinkedIn, kukipitisha kiungo kwenye Post Inspector kulilazimisha kadi isomwe upya. Kwingine ilibidi kungoja.

Matokeo

Maombi ya kufufua masomo ya Flash yalipungua, hayakuisha. Waliokuja kutafuta ukaguzi waliacha kuuliza kama anafanya ukaguzi, wakaanza kuuliza anaanza lini na ripoti yake ikoje, maswali ya mtu aliyekwisha kuamini. Mteja mmoja wa zamani alielewa vibaya, akadhani mhusika hagusi tena masomo ya mtandaoni na sasa ni mkaguzi wa tovuti za serikali. Kosa hilo lilitokana na kichwa cha LinkedIn kilichosema "Mkaguzi wa ufikivu" bila kutaja masomo, ilhali nafasi ipo ya alama 220. Kiliongezwa maneno "wa masomo ya mtandaoni" na suala likaisha.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni lile swali la "ungempigia simu akufanyie nini". Linashinda kuomba maoni, kwa sababu mtu akiombwa maoni hurekebisha lugha na kusifu, na wasifu mbovu wenye lugha nzuri hupita. Sharti lake ni kwamba anayejibu asimfahamu mhusika. Rafiki huijaza picha kwa anayoyajua na kujibu sawa hata rasimu ikiwa na kasoro.

Kuipa Flash sentensi moja yenye kazi nako kulifaa, lakini njia hii ina mpaka. Ilifaa kwa sababu taaluma ya zamani na mpya zinakutana kwenye kitu kimoja kinachoshikika. Angekuwa amehama kutoka Flash kwenda ukaguzi wa hesabu, daraja lingekuwa la kulazimisha, na "kabla ya hapo alitengeneza masomo ya kompyuta" ingetosha.

Kilichoshindikana kwa muda mrefu ni orodha ya ujuzi kwenye LinkedIn. Aya ya `About` iliandikwa upya vizuri, lakini chini yake ActionScript na Flash zilibaki juu kabisa, zikiwa na uthibitisho mwingi wa wenzake wa zamani. Wanaotafuta watu kwa kuchuja ujuzi waliendelea kumpata kwa maneno hayo. Mhusika alisita kuzifuta kwa sababu ujuzi ukifutwa, uthibitisho wake hufutika nao. Mwishowe ujuzi mpya ulipandishwa juu na ActionScript ikafutwa, huku Flash ikisogezwa chini kabisa. Kwa mtazamo wetu hata hiyo ingeondoka: uthibitisho wa kazi usiyotaka kuifanya huwaleta wateja wa kazi hiyo hiyo.

La mwisho ni maombi ya Flash yaliyoendelea kuja. Katika rasimu mojawapo wasifu uliishia na "hapokei tena kazi za Flash", na sentensi hiyo ikaondolewa kwa kuwa iliufanya wasifu mzima umalizike kwa kukataa. Ilihamishiwa kwenye ukurasa wa mawasiliano, ikiwa na maelezo yanayomsaidia anayeomba: kwamba kama bado anayo faili za asili za `.fla`, mtengenezaji anaweza kuzifungua na kuanzia hapo, na kama amebaki na `.swf` tu, kazi nyingi italazimika kujengwa upya. Chini yake kuna kiungo cha mwenzake ambaye bado hufanya kazi hiyo.